Wastani wa siku 21 ukipanda leo, kesho unapanda mara tisa katika kumi. Kwa nini basi wasomi wanasema chati haitabiri?

#1 Kijana_AreaC

Wakuu, habari za jioni. Nafuatilia hisa ya benki moja pale soko la hisa Dar es Salaam. Bei ya kufunga ya kila siku naiingiza kwenye Ekseli, kisha napiga wastani wa siku 21 zilizopita, yaani kama mwezi mmoja wa kazi. Kila siku mpya inaingia, ya zamani inatoka, mstari unasogea.

Nimekaa nikahesabu: siku ambazo mstari ulipanda, siku iliyofuata ulipanda tena mara ngapi? Jibu ni karibu mara tisa katika kumi. Ukishuka pia ni hivyohivyo, kesho yake unaendelea kushuka.

Sasa nasoma mtandaoni maprofesa wanaandika kwamba bei zilizopita hazisaidii kutabiri bei zijazo. Tisa katika kumi si utabiri? Naomba anayejua anieleze wanaona nini ambacho mimi sikioni. Nawasilisha.

#2 Dada_Makole

Kaka, uzi mzuri. Ila kabla hatujaenda mbali: kilichopanda mara tisa katika kumi ni mstari au ni bei?

#3 Kijana_AreaC

Mstari. Lakini mstari si umetokana na bei?

#4 Mwl_Kondoa

Dada_Makole ameuliza swali ambalo jibu la uzi wote limelala ndani yake. Nafundisha hesabu sekondari huku Kondoa, naomba nilifungue taratibu.

Chukua daladala yenye viti 21. Kila kituo anapanda abiria mmoja na anashuka yule aliyekaa muda mrefu kuliko wote. Uzito wa gari ukiongezeka, maana yake ni moja tu: aliyepanda ni mzito kuliko aliyeshuka. Wale 20 waliobaki hawajabadilisha chochote.

Wastani wako ni hivyo. Ukitoa wa jana kwenye wa leo, zile bei 20 za katikati zinafutana na kinabaki hiki:

```
mabadiliko ya wastani = (bei ya leo - bei ya siku 21 zilizopita) / 21
```

Kwa hiyo unaposema "mstari umepanda leo" unasema kwamba bei ya leo iko juu kuliko ilivyokuwa siku 21 za soko zilizopita. Hicho ndicho wenye chati wanakiita momentamu. Watu hufungua dirisha moja la wastani na jingine la momentamu, wakiona yanakubaliana wanadhani wamepata mashahidi wawili, wakati ni shahidi mmoja amevaa mashati mawili.

Tufanye kwa wastani wa siku tano ili hesabu iwe fupi. Bei za siku kumi, za mfano tu: 500, 510, 505, 520, 530, 525, 515, 505, 510, 500.

Wastani wa kwanza unapatikana siku ya tano: 513. Siku ya sita ni 518, ya saba 519, ya nane 519, ya tisa 517, ya kumi 511.

Angalia siku ya saba. Bei imeanguka kutoka 525 hadi 515, lakini mstari umepanda, kwa sababu aliyetoka alikuwa 510. Halafu angalia siku ya tisa. Bei imepanda kutoka 505 hadi 510, mstari umeshuka, maana 520 imetoka. Kijana, siku hizo mbili ungenunua mstari au ungenunua hisa? Dalali hauzi mstari.

#5 Kijana_AreaC

Mwalimu nimekupata kwenye hesabu. Ila bado tisa katika kumi inanisumbua. Kama bei ingekuwa inaenda ovyoovyo, mstari nao si ungekuwa unapinda ovyoovyo?

#6 UDOM_Takwimu

Hapana kaka, na hapo ndipo wengi wanapotelea. Nasoma takwimu hapa UDOM, jaribu mwenyewe kwa sarafu. Kichwa bei inapanda shilingi kumi, mwenge inashuka kumi. Hakuna mwelekeo wowote, hakuna habari, hakuna mnunuzi. Kwa kompyuta ni hivi:

```python
import random
bei = [1000]
for i in range(100000):
    bei.append(bei[-1] + random.choice([-10, 10]))
n = 21
m = [bei[i] - bei[i-n] for i in range(n, len(bei))]
sawa = sum(m[i] * m[i-1] > 0 for i in range(1, len(m)))
print(sawa / (len(m) - 1))
```

Hiyo `m` ni mwelekeo wa mstari kwa kanuni ya Mwalimu hapo #4, na namba inayotoka mwisho ni sehemu ya siku ambazo mstari uliendelea na mwelekeo wa jana. Inatoka karibu 0.91.

Sababu ni viti vya daladala. Mwelekeo wa leo umejengwa na mirusho 21 ya sarafu. Wa kesho utajengwa na mirusho 21 pia, lakini 20 kati yake ni ileile. Umebadilisha mrusho mmoja tu, ni mara chache mrusho mmoja ugeuze jumla yote.

Kwa hiyo tisa katika kumi yako ni sifa ya kipimo chenyewe. Hisa ya benki inatoa hivyo, sarafu inatoa hivyo.

#7 Dada_Makole

Aisee. Kwa hiyo namba aliyoileta Kijana ni kweli kabisa, ila haisemi lolote juu ya kesho ya bei.

#8 Mkulima_Kibaigwa

Mbukwenyi wana Dodoma. Mimi sina hisa, nina mahindi. Nimekuwa nikiandika bei ya gunia pale soko la Kibaigwa kila wiki, na wastani wa wiki nne umeanza kupanda tangu nivune. Nilichoelewa kwenye uzi huu ni kwamba wastani ukipanda unaendelea. Basi nisubiri hadi Januari ndiyo niuze?

#9 Mwl_Kondoa

Mkulima subiri kidogo, tunachosema ni kinyume chake. Lakini swali lako lina upande wake tofauti na hisa, usiondoke.

#10 Fundi_Foreksi

Mnawakatisha watu tamaa kwa sarafu. Bei si sarafu, bei inaendeshwa na watu. Watu wana woga na tamaa, na wote wanatazama mstari wa siku 50 na wa siku 200. Wa 50 ukiukata wa 200 kwenda juu wananunua, ukikata kwenda chini wanauza. Kwa kuwa wengi wanaamini, inatimia.

Halafu msiseme wasomi wote wanapinga. 1992 Brock, Lakonishok na LeBaron walichukua wastani wa bei za hisa kubwa za Marekani, ule wa Dow Jones, kuanzia 1897 hadi 1986. Miaka 90! Siku ambazo kanuni ya wastani ilisema nunua, bei zilifanya vizuri kuliko siku iliposema uza. Huo ni utafiti wa vyuo, si wa vijiwe.

Na 2008 mtu aliyefuata mstari wa siku 200 kule Marekani alitoka mapema mwaka, soko likaporomoka Oktoba yeye akiwa na fedha zake mkononi.

#11 Mzee_Nkuhungu

Fundi, umesema kweli mpaka katikati. Nilifanya kazi ya udalali wa hisa kabla sijastaafu kurudi Dodoma, haya mambo nimeyaishi.

Utafiti wa 1992 upo na ni mzuri. Lakini endelea kusoma mpaka 1999. Sullivan, Timmermann na White waliuliza: hizo kanuni zilizopimwa zilitoka wapi? Zilikuwa zimeshachaguliwa na miaka mingi ya watu kujaribu, zilizoshindwa zikasahaulika. Wakakusanya kanuni 7,846 na kupima kama ile bora kabisa ni bora kweli au imependelewa na bahati ya wingi. Kwa data ileile ya zamani, bora ilisimama. Walipoipeleka kwenye miaka kumi iliyofuata, 1987 hadi 1996, haikusimama.

Kanuni yoyote inayokuja na picha ya zamani imeng'aa, mwulize mwenyewe alijaribu ngapi kabla ya hiyo. Siku 21, 20, 34, 50, 55, 200, wastani wa kawaida, wastani unaozipa bei za karibuni uzito zaidi... Ukijaribu vya kutosha, kimoja kitang'aa hata kwenye sarafu ya huyu kijana wa UDOM.

Na 2008 umeitaja, taja na 2020. Faharasa ya hisa za Marekani ya S&P 500 ilifika chini kabisa kwa bei za kufunga tarehe 23 Machi, ikiwa 2,237. Mstari wa 50 uliukata wa 200 kwenda chini tarehe 30 Machi, soko likiwa limeshapanda hadi 2,626. Ukakata kwenda juu mwanzoni mwa Julai, soko likiwa juu ya 3,100. Aliyetii ishara zote mbili aliuza baada ya chini kupita, akanunua tena kwa bei ghali kuliko aliyouzia.

#12 Fundi_Foreksi

Mzee wangu heshima kwako, lakini 2020 ilikuwa anguko la ghafla, corona. Wastani haukutengenezwa kwa ajili ya ajali. Umetengenezwa kwa mwelekeo mrefu. Soko likienda mwelekeo mmoja miezi mingi unakubeba. Likiwa linachezacheza pembeni unakukata hapa na pale. Mwenye uzoefu anajua kutofautisha.

#13 Mwl_Kondoa

Fundi, hilo la kwanza nakubali kabisa na ni hesabu tupu: wastani wa siku 21 unaongea habari za katikati ya dirisha lake, siku kumi nyuma. Wa 200 unaongea habari za karibu siku mia nyuma. Mwelekeo ukidumu kuliko ucheleweshaji huo, unafaidi. Ukigeuka mapema kuliko huo, unaumia.

Lakini la pili silikubali. "Mwenye uzoefu anajua kutofautisha" maana yake anajua leo kama mwelekeo utadumu. Kama anajua hilo, wastani wa nini tena?

Tena jicho letu tusiliamini sana. 1927 mwanauchumi wa Urusi, Slutsky, alichukua tarakimu za mwisho za namba zilizoshinda kwenye bahati nasibu ya mkopo wa serikali, akawa anajumlisha kumi kumi kwa kusogea. Zikatoka mawimbi mazuri ya kupanda na kushuka, akayaweka kando ya chati ya uchumi wa Uingereza wa 1855 hadi 1877, yakafanana kwa kushangaza. Namba za bahati nasibu! Wimbi lililetwa na kitendo cha kujumlisha.

Na 1959 Harry Roberts wa Chicago alitengeneza mabadiliko ya wiki 52 kutoka jedwali la namba za kubahatisha, akayachora kama bei. Ilitoka hata ile picha ya vilele vitatu wanayoiita kichwa na mabega.

#14 Dada_Makole

Naomba niwazuie hapo Mwalimu na Mzee, mnavuta upande mmoja sana. Nilisomea fedha, na kuna kitu hakijaondolewa na sarafu wala na kanuni 7,846.

1993 Jegadeesh na Titman walipanga hisa za Marekani za 1965 hadi 1989 kwa jinsi zilivyofanya miezi sita iliyopita. Ukinunua zilizoongoza na kukopa zilizoburura mkia ukaziuza, ukakaa nazo miezi sita, ulipata wastani wa karibu asilimia moja kwa mwezi. Baada ya hapo watu wamepima masoko mengine na miaka mingine, na jambo hilo limeendelea kuonekana sehemu nyingi. Fama mwenyewe, ambaye 1970 aliandika makala maarufu ya kutetea kwamba bei tayari zimebeba habari, ameikubali momentamu kuwa jambo linalowasumbua.

Kwa hiyo kusema "bei zilizopita hazisemi chochote" si sahihi pia.

#15 Fundi_Foreksi

Asante dada! Nilijua atatokea mtu.

#16 UDOM_Takwimu

Fundi usishangilie bado. Utafiti wa 1993 hautazami chati moja. Unapanga mamia ya hisa, iliyo mbele dhidi ya iliyo nyuma. Inawezekana zote zimeshuka na bado ukawa na "washindi", zile zilizoshuka kidogo. Huwezi kuuchukua ukaubandika kwenye chati ya dola na yeni ya dakika kumi na tano.

#17 Dada_Makole

Sahihi, ila kuna wa 2012, Moskowitz, Ooi na Pedersen, waliotazama kila soko dhidi ya historia yake lenyewe: bidhaa, sarafu za nchi, faharasa za hisa na hati fungani, jumla 58. Miezi 12 iliyopita ikiwa ya faida, mwezi unaofuata ulielekea kuwa wa faida. Hapo Fundi anapata nusu yake. Lakini ni miezi, na ni kapu la masoko mengi kwa pamoja. Soko moja peke yake lina kelele nyingi mno.

#18 Mzee_Nkuhungu

Na kwa nini inatokea, hapo ndipo hawajaelewana mpaka leo. Wako wanaosema habari zinawafikia watu polepole: kampuni inatoa hesabu nzuri, wa kwanza ananunua leo, wa pili anasoma wiki ijayo, wa tatu anasikia mwezi ujao, basi bei inapanda kwa hatua. Wengine wanasema ni kufuata mkumbo, bei inapita mipaka halafu inarudi, na kweli ukishika washindi hao muda mrefu baada ya mwaka sehemu ya faida hurudi nyuma. Na wako wanaosema ni malipo ya hatari iliyofichika.

Hawa wa hatari wana mfano wao: 2009. Machi mwaka ule soko la Marekani liligeuka, na hisa zilizokuwa zimepondwa kabisa, za mabenki hasa, zikaruka kuliko zote. Aliyekuwa amezikopa akaziuza kwa kufuata momentamu ilibidi azinunue tena kwa bei ya juu, aliliwa faida ya miaka kwa miezi michache.

#19 Dada_Makole

Mimi naegemea ya kwanza, habari polepole. Hasa soko kama letu.

#20 Mwl_Kondoa

Mimi nadhani sehemu kubwa ya kinachoonekana soko kama letu ni kitu kingine, lakini aanze mwenye uzoefu. Mzee?

#21 Mzee_Nkuhungu

Mwalimu unawaza siku zisizo na biashara, sivyo? Ndiyo. Pale Dar es Salaam kuna kampuni ambazo siku nzima hakuna hisa hata moja iliyobadilisha mkono. Bei inayoandikwa ni ya mara ya mwisho, inaweza kuwa ya wiki iliyopita. Kwenye chati unaona mstari mnyoofu halafu ngazi, mnyoofu halafu ngazi. Wastani unaipaka ngazi hiyo iwe mteremko laini wa siku 21, na mtu anasema "tazama mwelekeo ulivyo mzuri". Mwelekeo haukuwepo, kulikuwa na muamala mmoja.

Kijana_AreaC, fungua data yako, weka safu ya idadi ya hisa zilizouzwa kando ya bei. Siku yenye sifuri usiihesabu kama bei.

Halafu gharama. Tuseme dalali, soko na wengine wote wanachukua jumla ya asilimia mbili ukinunua na mbili ukiuza. Kwenye mfano wa Mwalimu, umenunua kwa 505: umetoa 515 na senti kidogo. Ili urudishe hiyo baada ya makato ya kuuza, bei lazima ifike karibu 526. Mfano wote ulifika juu ya hapo siku moja tu, 530, na siku hiyo bei ilikuwa bado juu ya wastani, usingekuambia uuze. Ungekuambia siku ya saba, bei ilipokatiza chini ya mstari, kwa 515.

Hii nayo ni ya zamani. Alexander alitangaza 1961 kwamba kanuni ya kununua bei ikipanda asilimia kadhaa inalipa. Fama na Blume 1966 wakaweka ada za dalali na faida ikayeyuka.

#22 Fundi_Foreksi

Ndiyo maana mimi niko foreksi, hakuna ada za namna hiyo.

#23 Mzee_Nkuhungu

Ipo, mwanangu. Iko kwenye tofauti ya bei ya kununua na ya kuuzia, na kwenye kiasi unachokatwa ukilala na oda. Ni ndogo kwa kila muamala, lakini wewe unafanya miamala mingapi kwa siku kulinganisha na mwenye hisa?

#24 Bibi_Zabibu_Hombolo

Nawasoma tu tangu asubuhi. Fundi leo umekutana na wazee wa baraza 😀 Nyie vijana wa chati mbona hamna anayeonyesha taarifa yake ya mwaka mzima, kila siku mnaweka picha ya oda moja iliyoshinda?

#25 Fundi_Foreksi

Bibi shikamoo. Taarifa ni siri ya mtu.

#26 Bibi_Zabibu_Hombolo

Marahaba. Sawa, siri.

#27 Mkulima_Kibaigwa

Jamani mahindi yangu. Mwalimu aliniambia nisubiri.

#28 Mwl_Kondoa

Mkulima, samahani kwa kukuweka. Kwako wastani unapanda kwa sababu inayojulikana, haihitaji chati. Wakati wa mavuno kila mtu anauza, bei inalala. Kadiri ghala zinavyopungua kuelekea Januari na Februari, inainuka. Kwa hiyo kupanda kwenyewe si siri uliyoigundua, kila mfanyabiashara wa Kibaigwa analijua hilo. Swali ni kama kupanda huko kunazidi gharama ya kungoja.

Namba za mfano, weka zako. Gunia ni 70,000 leo. Ghala 1,000 kwa mwezi, miezi sita: 6,000. Mifuko na dawa: 3,000. Fedha ungeitumia kwingine au unalipa mkopo, tuseme asilimia mbili kwa mwezi: 8,400. Jumla umefika 87,400. Dumuzi na kukauka vikila asilimia tano ya uzito, unahitaji bei ya 92,000 ili uwe sawasawa na aliyeuza leo. Wastani wako unaweza kupanda kila wiki hadi 88,000, mstari mzuri kabisa, na wewe ukawa umepata hasara.

#29 Mkulima_Kibaigwa

Hiyo nimeielewa kuliko zote. Mkopo wangu ni zaidi ya asilimia mbili. Ila 2017 ilikuwaje? Wastani ulikuwa unapanda, tukashikilia, likaja katazo la kupeleka mahindi nje ya nchi, bei ikalala moja kwa moja.

#30 UDOM_Takwimu

Huo ndio mpaka wa chati yoyote, mzee wangu. Bei za wiki zilizopita hazikuwa na habari ya katazo ambalo halijatangazwa. Wanaotetea "bei imebeba habari zote" watasema ilibeba zilizokuwepo.

#31 Alizeti_Singida

Na sisi wa alizeti bei yetu inafuata mafuta ya kula ya nje na ushuru wake. Kuna jamaa huku Singida anachora chati za gunia la alizeti na kuwauzia watu ushauri. Ushuru ukibadilika anafuta mistari anaanza upya.

#32 Kijana_AreaC

Nimerudi wakuu. Nimefanya mlivyosema: nimetoa siku zisizo na muamala, na badala ya kuuliza mstari wa kesho nimeuliza bei ya kesho. Siku ambazo mstari ulikuwa unapanda, bei ya siku iliyofuata ilipanda karibu sawa na siku ambazo mstari ulikuwa unashuka. Juu kidogo. Ule ukubwa wa tisa katika kumi haupo tena.

Lakini sijakata tamaa na hiyo "juu kidogo". Nikitazama miezi mitatu mbele badala ya kesho, tofauti inaonekana kubwa zaidi.

#33 UDOM_Takwimu

Angalia hapo kaka. Ukitazama miezi mitatu mbele kila siku, vipindi vyako vinapandana: cha leo na cha kesho vinashirikiana karibu siku zote. Mamia ya mistari kwenye Ekseli yanaweza kuwa ushahidi wa vipindi vichache tu. Hisa moja, miaka michache, kipindi kimoja cha benki kupata faida nzuri, inatosha kutoa hiyo tofauti. Gawanya data nusu mbili, andika kanuni kwa nusu ya kwanza, usiiguse, kisha ipime nusu ya pili.

#34 Dada_Makole

Na andika kanuni hapa kwenye uzi kabla ya kupima, ili tusije tukabishana baadaye ulichagua siku ngapi.

#35 Kijana_AreaC

Sawa. Kanuni: bei ya mwisho wa mwezi ikiwa juu kuliko miezi sita iliyopita, nashika, ikiwa chini, natoka. Natazama mara moja kwa mwezi tu, makato asilimia mbili kila upande kama alivyosema Mzee. Nalinganisha na mtu aliyenunua akakaa.

#36 Mzee_Nkuhungu

Vizuri. Jambo moja kabla hujaanza: gawio. Kampuni ikishapita tarehe ya kufunga daftari, mnunuzi mpya hapati gawio la mwaka huo, kwa hiyo bei ina sababu ya kushuka kwa kiasi hicho. Hisa ya 500 yenye gawio la 40 ikishuka hadi 460, mwenyewe hajapoteza kitu, lakini chati inaona anguko la asilimia nane na wastani unapiga kelele uza. Kwa mabenki yetu gawio si dogo. Rudisha gawio kwenye bei za baada ya tarehe hiyo kwanza, na yule aliyenunua akakaa mhesabie gawio zake zote, la sivyo unashindana na mtu uliyemfunga mguu mmoja.

#37 Kijana_AreaC

Hilo sikuwa nalo kabisa. Zile bei za kwenye tovuti wanazotoa bure zimesharekebishwa kwa gawio au ni ghafi?

#38 Dada_Makole

Usiamini, pima. Tafuta tarehe ya kufunga daftari ya mwaka mmoja unaoujua, tazama bei ya kabla na ya baada. Kama shimo lipo, ni ghafi. Na kama kampuni iliwahi kugawa hisa moja kuwa kadhaa, tazama na hapo.

#39 Fundi_Foreksi

Kijana ukimaliza weka majibu. Mimi bado nasema miezi sita ni mingi mno, jaribu na mitatu.

#40 Mwl_Kondoa

Fundi, ameshaandika sita #35. Ukitaka mitatu, weka kanuni yako na jina lako, tuzipime zote mbili kwa nusu ya pili ileile.